Salamu za wajukuu katika maziko ya Bibi Tusajigwe

Mchungaji, wazee wa kanisa, wajomba na mama zangu, majirani wa kijiji hiki, na ninyi nyote mliopita kwenye matope ya masika kutoka Kyela, Busokelo, Mbeya mjini na mbali zaidi kuja kutushika mkono, Bwana Yesu asifiwe.

Historia ya marehemu imekwisha kusomwa na mjomba, nami sitairudia. Nimesimama kwa niaba ya wajukuu 23 na vitukuu 9, ambao baadhi yao wanadhani Bibi amelala tu na wamekuwa wakiuliza tangu jana kwa nini haamshwi. Tunaomba mtuvumilie, kwa sababu tumelia sana na sauti zimekwisha.

Wengi wenu mtamkumbuka Bibi kwa chungu chake cha mbalaga, ambacho sikumbuki kukiona kitupu mgeni alipobisha hodi. Ni kweli, alikuwa hivyo. Lakini sisi tuliolelewa mikononi mwake tunapenda kumkumbuka kama mwanafunzi. Alizaliwa mwaka 1938, katika miaka ambayo binti wa milimani alijifunza jembe na jiko, na shule ikawa ya kaka zake. Hakupata darasa utotoni, na nadhani ndiyo maana alilitafuta maisha yake yote, kila mahali, hata kwa watoto wake mwenyewe.

Babu alipokwenda kufanya kazi migodini Johannesburg mwaka 1959, kama walivyokwenda vijana wengi wa Unyakyusa wakati ule, alimwacha Bibi na mtoto mmoja wa kiume na migomba michache. Alirudi mwaka 1962 akaikuta migomba imekuwa shamba linaloshuka hadi mtoni. Alikuja na cherehani, na shati moja zuri alilokusudia kulivaa kanisani. Hakuwapo mtu wa kumfundisha Bibi kushona. Basi siku moja Babu alipokwenda mnadani, Bibi alilifumua shati lile lote, akapanga vipande chini kwenye mkeka, akatazama jinsi fundi alivyokata bega na kwapa, kisha akalishona upya. Babu alilivaa Jumapili iliyofuata na mkono mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, na hakusema neno. Sare za shule za mama zangu na wajomba zangu, na baadaye zetu sisi, zote zilitokana na somo la siku ile, na ada zililipwa kwa sare alizowashonea watoto wa majirani. Wapo humu kina baba wenye mvi ambao kaptula yao ya kwanza ya shule ilishonwa katika veranda ile pale.

Kusoma na kuandika alianza kujifunza akiwa tayari mama wa watoto saba, katika madarasa ya kisomo, jioni, baada ya kukamua ng'ombe. Mama yangu anapenda kusimulia habari za mwaka 1981, wakati sukari ilipokuwa adimu nchi nzima na nusu kilo ilitunzwa kama dawa. Bibi aliiweka ya wageni katika kopo chini ya kitanda, akaisawazisha vizuri juu, kisha akachora kwa kidole herufi S, ili atakayeigusa ajulikane. Mama yangu alikuwa darasa la nne. Alilamba vijiko viwili, akasawazisha, akaichora S upya kwa uangalifu mkubwa, jinsi mwalimu alivyomfundisha. Jioni ile ile alikamatwa. Bibi alikuwa bado anaiandika S kinyumenyume, na mwizi aliiandika sawasawa. Mama alichapwa, kisha usiku akaitwa kwenye taa ya kibatari aoneshe S sahihi inavyoandikwa, na wakaiandika pamoja mpaka Bibi akaipata.

Mimi nilipata bahati ya kukaa naye Dar es Salaam alipokuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari alimkataza kuinama kwa wiki kadhaa, na Bibi aliitikia kwa adabu zote. Wiki ya pili nilirudi kazini jioni nikakuta majani ya urembo ya mwenye nyumba yameng'olewa mbele ya dirisha, na mahali pake pana matuta mawili ya mchicha. Alikuwa ameyalima akiwa ameketi kwenye ndoo, akanieleza kwamba daktari alikataza kuinama, hakukataza kukaa. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi nilijificha kwa aibu, lakini aliondoka na fungu la mchicha kwapani, na alipoonana nami baada ya hapo hakuacha kuniuliza Bibi atarudi lini.

Miaka hii miwili ya mwisho macho yalimwacha kabisa. Hilo lilimuumiza kuliko magoti, kuliko kifua, kwa sababu kitabu alikipata kwa taabu na kilimponyoka kabla ya vitu vingine. Ndipo sisi tukawa macho yake. Kila tulipokuja likizo tulimsomea Biblia, naye alisikiliza amefumba macho, na ole wako uruke mstari. Alikuwa ameyashika maneno kwa moyo, akakurudisha kwa upole: "Mjukuu wangu, hapo pana kitu umekiacha."

Yapo mambo ambayo sitaki kuyaficha mbele ya jeneza lake. Nilimwahidi kuja Desemba, nikasema kazi zimenibana, nitakuja Pasaka. Pasaka nikapiga simu. Alinijibu kwamba ndizi zipo, hazina haraka, nami nikalichukua neno hilo kama ruhusa. Wiki mbili baadaye basi lilikuwa limenifikisha Uyole, alfajiri, ukungu umefunika barabara, nilipopigiwa simu na mama mdogo kwamba amekwenda. Ilibaki safari isiyofika saa mbili. Bibi, hilo nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa.

Kwa mama mdogo, uliyemgeuza kitandani usiku na mchana kwa miezi minne bila kumwita mtu mwingine kwa hasira, sisi wajukuu hatuna cha kukulipa. Kwa majirani mliokuja na kuni, maziwa na mikungu ya ndizi kabla hatujajua hata pa kuanzia, na kina mama wa kanisa mliopika tangu juzi huku mkinyeshewa, tunawashukuru. Mchungaji, tunakushukuru kwa kuja kumpa Chakula cha Bwana wakati ambapo alikuwa anaweza kumeza kidogo tu.

Bibi, wazazi wako walikuita Tusajigwe, wakimaanisha kwamba wamebarikiwa. Jina hilo sasa tunalitamka sisi, kwa maana ile ile.

Jana usiku, wenzangu walipolala, nilikaa karibu nawe nikakusomea Zaburi ya 121, ile ya milima uliyoipenda. Nilipofika katikati niliruka mstari, kwa makusudi, nikanyamaza kidogo nikingoja unirudishe. Kisha nikarudi mwenyewe, nikausoma.

Ndaga fijo, Bibi.