Jibu la moja kwa moja: Tumepokea barua pepe yako kuhusu sare za shule

Ndugu mteja,

Tunakushukuru kwa kutuandikia. Kuanzia katikati ya Desemba hadi shule zifunguliwapo Januari, maombi ya sare huwa mengi kuliko tunavyoweza kuyajibu siku hiyohiyo. Maswali ya bei yatajibiwa ndani ya siku 2 za kazi. Oda za shule nzima zitachukua hadi siku 4, kwa kuwa tunahakiki vipimo vya kila darasa kabla ya kukupa ankara, na hatua hiyo hatuiruki, maana sweta 40 zilizokosewa saizi humuumiza mzazi kuliko kusubiri.

Ikiwa mzigo wako umekwisha kulipiwa na haujafika, tafadhali usisubiri barua pepe: piga namba ya duka iliyo kwenye risiti, uombe kuunganishwa na Bi. Zuhura wa usafirishaji, namba ya ndani 104. Oda za jumla zinashughulikiwa na Bw. Hamisi, namba 107, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni.

Tunaomba usitume ujumbe huohuo mara mbili, kwani hujibiwa kwa kufuata tarehe ya ujumbe wa mwisho.

Idara ya Mauzo,
Kariakoo, Dar es Salaam