Jina la Ngoma na Mwendo Wake: Switi ya Kinanda Kutoka Froberger Hadi Bach

Fungua Switi ya Tano ya Kifaransa ya Johann Sebastian Bach, ile ya G meja yenye namba BWV 816 katika orodha ya kazi zake, utafute mahali alipoandika ichezwe kwa kasi gani. Hupaoni. Switi ni mfuatano wa vipande vya ngoma, na hapa viko saba: alemande, kuranti, sarabande, gavoti, burei, luri na jigi. Kila kimoja kina jina na alama ya mapigo, basi. Mpigaji wa siku zile hakuhitaji zaidi, kwa sababu jina lenyewe lilimwambia mwendo.

Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili si geni. Sisi tunasema "ngoma" tukimaanisha chombo, muziki wake na uchezaji wake kwa pamoja. Ukishataja ngoma gani, mguu unajua la kufanya. Ndivyo ilivyokuwa Ulaya ya karne ya 17 na ya 18. Shida ni kwamba majina haya yalisafiri kutoka nchi hadi nchi, na njiani miendo yake ikabadilika huku majina yakibaki. Katika insha hii nitaonyesha kwamba alama ya mapigo ni nusu ya habari tu, na kwamba hata jina halitoshi mpaka ujue limeandikwa wapi na lini.

Tuanze na ushahidi ulio wazi. Mwaka 1752 mjini Berlin, Johann Joachim Quantz, mpiga filimbi wa Mfalme Frederick wa Prussia, alichapisha kitabu cha mafunzo ambamo alipima kasi ya ngoma kwa mapigo ya moyo, akikadiria mapigo 80 kwa dakika. Minueti, anasema, hupewa pigo moja la moyo kwa kila robo noti mbili. Sarabande hupewa pigo moja kwa kila robo noti moja. Ngoma zote mbili kwa kawaida huandikwa 3/4, yaani robo noti tatu katika kila baa, kipimo kimoja cha muziki, lakini kwa hesabu hiyo robo noti ya minueti inakwenda 160 kwa dakika na ya sarabande 80. Alama ileile, mwendo mara mbili. Mimi mwenyewe nilipoanza kupiga sarabande niliihesabu kama minueti iliyochoka, moja-mbili-tatu, na sikuelewa kwa nini ilisikika kama maiti inayotembea. Kosa halikuwa kasi peke yake. Nilikuwa nauweka uzito kwenye pigo lisilo lake, na hilo nitalirudia.

Quantz alikuwa akizungumzia zaidi kuwapigia wachezaji ngoma wa mtindo wa Kifaransa, na kinanda kina mapambo mengi ambayo vidole haviwezi kuyakimbiza ovyo. Kwa hiyo namba zake si sheria. Faida yake ni kuonyesha uwiano: nani ni mwepesi kuliko nani.

Alemande ndiyo inayofungua switi, na ndiyo iliyoachana na miguu mapema kuliko zote. Jina lake ni la Kifaransa na maana yake ni "ya Kijerumani". Mizani yake ni ya mapigo manne, huandikwa kwa alama ya C, na mara nyingi huanza na noti fupi moja inayotangulia pigo la kwanza. Katika karne ya 16 watu waliicheza kwa hatua. Kufikia siku za Bach ilikuwa muziki wa kusikiliza, noti za kumi na sita zikitiririka kutoka sauti moja hadi nyingine. Mtindo huo wa kuzivunja akodi na kuzitoa noti mojamoja wapiga hapsikodi, kinanda cha nyuzi cha siku zile, wa Ufaransa waliuazima kwa wapiga lute, chombo cha nyuzi kinachofanana na gitaa, ambao kwa chombo chao hawakuwa na namna nyingine ya kuufanya mlio udumu.

Mtu wa kumtazama hapa ni Johann Jakob Froberger (1616–1667), mzaliwa wa Stuttgart, mpiga kinanda wa kasri la Vienna, aliyesoma Roma kwa mtunzi na mpiga kinanda Frescobaldi na baadaye akafika Paris. Kwake alemande ikawa mahali pa kuomboleza. Ferdinand wa Nne, mwana wa mfalme mkuu wa Vienna, alipofariki mwaka 1654, Froberger aliandika ombolezo na kuliweka mahali pa alemande katika switi ya C meja. Mwishoni mlolongo wa noti unapanda hadi juu kabisa ya kinanda, na katika hati aliyoandika kwa mkono wake mbingu imechorwa pale noti zinapofika. Alemande nyingine yake ni tafakuri juu ya kifo chake mwenyewe, yenye tarehe ya 1 Mei 1660, Paris, na maelekezo kwamba ichezwe polepole kwa hiari ya mpigaji. Ngoma gani hii isiyofuata hata mapigo? Ndiyo maana sioni mantiki ya kutafuta kasi moja ya alemande. Ile ya BWV 816 inaimba kwa utulivu na kwenda mbele; ukiipiga kama ombolezo la Froberger utaiua, na ukifanya kinyume chake utamkosea adabu marehemu.

Kuranti ndiyo inayonipendeza kuliko zote kwa sababu jina lake ni mtego. Maana yake ni "inayokimbia". Ya Kiitaliano inakimbia kweli: 3/4 au 3/8, noti za nane au za kumi na sita zisizopumzika, mkono mmoja ukikimbia na mwingine ukiushikia mapigo. Ya Kifaransa, ambayo Mfalme Louis wa 14 aliipenda na kuicheza kwa ufundi, huandikwa 3/2 na kwenda kwa heshima ya mtu anayejua kwamba anatazamwa. Quantz anaiweka kundi moja na luri, kwa mwendo wa fahari. Ndani yake mna mchezo wa mizani. Nusu noti tatu za baa moja zina jumla ya robo noti sita. Robo hizo unaweza kuzigawa mbilimbili mara tatu, ukapata 3/2, au tatutatu mara mbili, ukapata 6/4. Kuranti ya Kifaransa hurukia kutoka mgawo mmoja hadi mwingine bila kubadilisha alama, hasa kwenye baa ya mwisho ya kila nusu ya ngoma. Wataalamu huuita mgongano huu hemiola. Mpigaji akikazana kuhesabu tatu za mwanzo mpaka mwisho, sentensi ya muziki inavunjika mgongo.

Bach alizijua zote mbili. Katika Partita sita, jina lingine la switi, alizochapisha moja moja kuanzia 1726 na kuzikusanya pamoja mwaka 1731, alitenganisha majina: Partita ya 2 na ya 4 zina jina la Kifaransa, na nyingine nne zina la Kiitaliano, korente. Lakini katika Switi za Kifaransa jina linaloonekana ni kuranti hata pale muziki ni wa Kiitaliano. Ya switi ya kwanza (BWV 812) ni ya Kifaransa kweli, kwa 3/2. Ya BWV 816 imeandikwa 3/4 na inakimbia tangu noti ya kwanza. Hapa jina limekudanganya, na ni noti zenyewe zinazokusahihisha.

Sarabande imesafiri mbali zaidi, na safari hiyo imeibadilisha kuliko nyingine. Katika Hispania ya karne ya 16 ilikuwa ngoma ya nyimbo, ya haraka na yenye matusi kiasi kwamba ilipigwa marufuku mwaka 1583. Huko Uingereza, mpiga lute Thomas Mace mwaka 1676 bado aliieleza kuwa nyepesi na ya mzaha kuliko kuranti. Ufaransa ndiyo iliyoipunguza kasi na kuivisha joho. Bach alipoipokea ilikuwa 3/4 ya polepole, isiyo na noti ya kutangulia, na uzito wake ukiegemea pigo la pili: robo, kisha noti ndefu inayong'ang'ania. Hicho ndicho nilichokikosa mimi. Pigo la pili likipewa urefu wake, sarabande hupata pumzi na haiburuti tena, hata ukiipiga polepole kuliko Quantz alivyotaka.

Baada ya sarabande huja ngoma nyepesi, ambazo idadi yake haina kanuni. Minueti ni 3/4, lakini hatua moja ya mchezaji inachukua baa mbili, yaani mapigo sita, kwa hiyo kuikita kila baa kwa nguvu sawa ni kuikanyaga miguu yake. Paspiye ni minueti yenye haraka kidogo, mara nyingi kwa 3/8. Gavoti na burei zote ni za mapigo mawili, na anayesikia tu huzichanganya. Siri iko mwanzoni. Gavoti huanza katikati ya baa, na robo noti mbili kabla ya pigo la kwanza; burei hutanguliwa na thamani ya robo moja tu, halafu inaondoka. Kwa Quantz burei hupata baa nzima kwa pigo moja la moyo, na gavoti hupoa kidogo. Luri ni 6/4, yenye noti za nukta na mwendo mzito. Wengi huiita jigi ya polepole, na mimi nakubali, mradi isipigwe kwa usingizi.

Jigi imetoka visiwa vya Uingereza na huchukua mizani ya tatu ndani yake: 6/8, 9/8, 12/8, au kama kwenye BWV 816, 12/16. Hiyo 12/16 si uchoyo wa wino. Kadiri noti zilivyoandikwa ndogo, ndivyo mpigaji alivyoelewa kwamba mkono uwe mwepesi na mwendo uwe wa haraka. 6/4 ya luri na 12/16 ya jigi zote zinahesabika tatutatu, lakini jicho la zama zile halikuziona sawa. Quantz anaipa jigi ya 6/8 baa nzima kwa pigo moja. Ukiihamishia kasi hiyo kwenye 12/16 ya Bach unapata noti nane kwa sekunde katika muziki wa sauti tatu zinazofukuzana, na hapo nadhani mpigaji ana haki ya kupunguza kidogo bila kuomba radhi.

Hata hivyo si kila jigi inahesabika tatutatu. Froberger aliandika baadhi ya jigi zake kwa mapigo mawili, zenye noti za nukta, na Bach alifuata njia hiyo katika BWV 812 na tena katika Partita ya 6. Wapo wanaozipiga kama zilivyoandikwa, na wapo wanaozigeuza ziwe tatutatu kwa hoja kwamba jina ni jigi. Mimi huzipiga zilivyo. Hata nafasi ya jigi mwishoni si ya asili: katika kitabu cha Froberger cha 1656 jigi inafuata moja kwa moja baada ya alemande, na sarabande ndiyo inayofunga. Ilikuwa ni chapa ya Amsterdam, iliyotoka akiwa ameshafariki, iliyozipanga upya na kujisifu kwenye jalada kwamba imeziweka katika utaratibu ulio bora.