Zamu za kumpeleka Mama kliniki

Shikamoo Kaka Masanja. Shikamoo Dada Milembe. Kulwa na Doto, nyinyi shikamoo mlishaikataa, basi mambo. Poleni na pilika za Nanenane. Mama hajambo, amekula vizuri mchana, sasa hivi yuko uani anachambua mboga na kumsema jirani.

Nina jambo, na ni refu, kwa hiyo naliandika badala ya kulisema kwa sauti. Someni mpaka mwisho kabla ya kujibu. Kaka, najua wewe husoma mistari miwili ukapiga simu. Leo usipige kwanza.

Ni habari ya kliniki ya Mama. Tangu aanze kuhudhuria kwa ajili ya sukari na presha, nimekuwa nikienda naye mimi, kwa sababu naishi naye hapa Igoma na kwa sababu cherehani ni yangu, hakuna bosi wa kumuomba ruhusa. Sikuona tabu. Lakini kuna jambo la Juni sikuwaeleza lote, na leo nalieleza.

Jumanne ile ya tarehe 30 Juni nilikuwa na nguo za harusi, bibi harusi na wasimamizi wake, sherehe Jumamosi. Mama akasema, "Mimi si mtoto, njia naijua." Nikamwacha aende peke yake. Alirudi saa tisa, mchangamfu, ana habari za mwanamke wa Magu aliyekaa naye benchi moja, watoto wake, ng'ombe wake, kila kitu. Nikamuuliza daktari kasemaje, akanijibu ameongezewa kidonge cha sukari. Nikaamini.

Kumbe hakuongezewa, alibadilishiwa. Kile cha zamani aliambiwa aache. Yeye akameza vyote viwili, siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Usiku wa siku ya tatu nikamsikia anahangaika. Nimekuta shuka imelowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita Milembe. Nilikoroga sukari kwenye kikombe cha maji nikamnywesha kidogo kidogo, kwa kuwa bado aliweza kumeza, na baada ya muda akarudi katika hali yake. Asubuhi ndiyo nikafungua daftari lake nikasoma mwandiko wa daktari. Imeandikwa wazi kabisa. Hakuna aliyekosea pale hospitali, na Mama naye simlaumu. Ana miaka 71, daktari anasema haraka, Mama Kiswahili cha haraka anakiitikia tu "ehee, ehee" hata kama hakimwingii. Mnamjua. Ukimwambia taratibu kwa Kisukuma atakuuliza maswali kumi.

Sasa kilichoniuma zaidi. Nilipokuja kutazama kalenda, siku zile zilikuwa za mbalamwezi. Kulwa hakuwa na mzigo Mwaloni, mitumbwi ya dagaa ilikuwa imepaki. Alikuwa nyumbani kwake Nyakato, daladala moja tu kutoka hapa. Sikumuuliza. Naye hakujua kama kuna kliniki. Kosa hilo ni langu, nimezoea kubeba kimya halafu nanuna. Ndiyo maana nataka tuwe na zamu zilizoandikwa, kila mtu azione mapema.

Pesa siyo shida, nataka niseme hivyo kabla hamjaanza kutuma. Doto anatuma kila mwezi bila kukumbushwa, Mungu ambariki. Bima ya Mama ipo kwa jina la Dada Milembe kama mtegemezi wake. Kaka alinunua kile kipimo cha sukari cha nyumbani. Tunachokosa ni mtu wa kukaa pembeni yake chumba cha daktari, asikie kwa masikio yake, aulize, aandike. Na mtu huyo asiwe mimi tu kila siku, kwa sababu nikiugua mimi, nani kati yenu anajua Mama anameza nini asubuhi na nini usiku?

Nimepanga hivi, kuanzia mwezi huu mpaka Desemba. Tarehe mbili za kwanza na ile ya macho zimeshaandikwa kwenye daftari. Zile nyingine nimekadiria kwa mzunguko wa kliniki yetu ambayo ni Jumanne, zikibadilika nitawaambia siku hiyo hiyo.

Jumanne 25 Agosti, sukari na presha: mimi Shija.
Jumanne 29 Septemba, sukari na presha: Kulwa.
Alhamisi 15 Oktoba, macho: Kaka Masanja.
Jumanne 27 Oktoba, sukari na presha: mimi.
Jumanne 24 Novemba, sukari na presha: Kulwa.
Jumanne 15 Desemba, sukari na presha: Dada Milembe.

Sikupanga kwa kubahatisha. Kulwa, zamu zako zote mbili zimeangukia mwezi mpevu. Septemba mwezi unajaa tarehe 26, Novemba unajaa tarehe 24 yenyewe. Hutapoteza mzigo. Ukiona nimekosea hesabu, wewe ndiye mwenye ziwa, sema.

Kaka, tarehe 14 Oktoba ni Siku ya Nyerere, ni Jumatano. Funga duka Geita mchana, uje ulale hapa, kesho yake alfajiri mnaondoka na gari lako. Najua utasema safari. Kaka, kivuko ulikuwa unakisingizia zamani, tukakuelewa, maana foleni ya Kigongo tuliijua wote. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, zile kilomita 3 za maji unazikata kwa dakika chache. Nimekuwekea ya macho makusudi kwa sababu ya gari. Wanamtia matone ya kutanua mboni ili waone ndani, na baada ya hapo kwa saa kadhaa anaona ukungu na jua linamchoma. Huwezi kumpandisha bodaboda katika hali ile, na hata ngazi ya daladala ni hatari. Mletee ile kofia yake pana. Usimwachie mkono mpaka umfikishe kitini.

Dada Milembe, wewe nimekupa moja tu, ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Sitaki uombe ruhusa kwa mwalimu mkuu ukiwa na darasa la mtihani. Ila wewe ndiye Mama anayekuogopa. Anamficha daktari habari ya chumvi. Siku yako mseme mbele ya daktari, mimi nikimsema ananiambia "uolewe kwanza."

Doto, Dar ni mbali, hakuna anayekudai uje. Wewe nimekupa kazi nyingine, na usiione ndogo. Jioni ya siku moja kabla ya kila kliniki, saa moja, mpigie mwenye zamu, kisha mpigie Mama. Mwenye zamu akisema "nitaangalia", mbane mpaka aseme ndiyo au hapana. Na dawa ikikosekana dirishani tukaambiwa tukanunue nje, wewe ndiye wa kuulizwa kwanza, kama unavyofanya sasa.

Ambaye siku yake imemshinda, atafute mwenyewe wa kubadilishana naye, halafu aandike hapa nani kachukua. Asinipigie mimi saa nne usiku kwamba "Shija, si upo tu hapo." Neno hilo "upo tu hapo" naomba tulizike. Niko hapo, ndiyo, lakini kila Jumanne ninayokaa benchi kuna mteja anayekuta cherehani imefunikwa, na wengine hawarudi.

Kwa ambao hamjawahi kwenda, siku yenyewe iko hivi. Usiku wake Mama asile chochote baada ya saa nne, maana wanampima sukari kabla hajala. Maji ya kunywa hayana shida. Dawa ya presha anameza asubuhi kwa maji. Ya sukari ASIMEZE mpaka damu itoke na awe amekula, hivyo ndivyo daktari alivyotuelekeza. Tokeni nyumbani saa kumi na moja na nusu, ukifika saa kumi na mbili na kitu unapata namba nzuri. Ukifika saa mbili, mtakaa mpaka alasiri. Akishatolewa damu, mpe chai ya chupa isiyo na sukari na kiazi kitamu au chapati moja hapo hapo, msisubiri.

Beba mfuko wa bluu ulioning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake. Ndani mna kadi ya bima, daftari la kliniki, karatasi za vipimo vya sukari ninavyompima nyumbani, na dawa zake zote zikiwa kwenye paketi zake. Dawa zote, hata anazosema zimeisha. Baada ya Juni zile za zamani nilizitoa kwenye kopo lake la maziwa, lakini Mama ni mtu wa kuweka akiba, kagueni tu.

Ingia naye kwa daktari. Atakwambia baki nje, ingia. Mwache ajieleze kwanza yeye, ugonjwa ni wake, usimjibie. Daktari akimaliza ndipo uulize: dawa ipi imeondolewa, ipi imeingia, anameza saa ngapi, na kurudi ni lini. Umwambie Mama kwa Kisukuma, umuombe akurudishie maneno. Mkitoka, piga picha ukurasa wa daftari uutume hapa, uwe umesomeka, Kulwa, siyo kama zile picha zako za dagaa. Hapo sote watano tutakuwa tunajua kitu kimoja.

Kuhusu Mama mwenyewe, nimeshamwambia. Sikutaka asikie kwa watu kwamba anagawanywa. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama Masanja kweli atalala hapa. Nikasema ndiyo. Asubuhi nimemkuta anaanika godoro la chumba cha wageni, na Oktoba bado miezi miwili. Kwa hiyo Kaka, hiyo tarehe usiiguse.

Naomba kila mmoja aandike jibu kufikia Jumatano usiku, anakubali au anataka kubadili ipi. Kukaa kimya sitakuhesabu ndiyo. Wifi na shemeji mkitaka kuchukua zamu badala ya hawa wenye pilika, karibuni sana, Mama wa kwenu ni huyu huyu.

Ya tarehe 25 Agosti niko nayo. Kulwa, daftari na mfuko nitakuletea Mwaloni Jumapili ya tarehe 27 Septemba, nikuonyeshe dawa moja moja. Uniwekee dagaa wa Mama wasio na chumvi.

Shija