Taarifa ya Kufunga Duka kwa Sikukuu za Mwisho wa Mwaka na Punguzo la Mwisho Kabla ya Kufunga

Kampala, Jumatatu, tarehe 9 Desemba 2024

Kwa wateja wetu wote wa jumla na wa rejareja,

Uongozi wa duka la vitambaa na ushonaji, Kikuubo, unapenda kuwaarifu kwamba duka litafungwa kwa mapumziko ya Krismasi na Mwaka Mpya kuanzia Jumanne, tarehe 24 Desemba 2024, saa sita mchana, na litafunguliwa tena Jumatatu, tarehe 6 Januari 2025, saa mbili asubuhi. Kabla ya kufunga tutatoa punguzo la mwisho la mwaka kwa vitambaa vyote vilivyomo dukani, kuanzia Alhamisi, tarehe 12 Desemba, hadi Jumatatu, tarehe 23 Desemba, na baada ya siku hiyo bei zitarudi pale zilipokuwa.

Katika siku hizo za punguzo tutafungua mapema na kufunga kwa kuchelewa kuliko kawaida, yaani saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili mbili za tarehe 15 na 22, ambazo kwa kawaida huwa tumefunga, tutafungua saa sita mchana ili waumini wawe wametoka kanisani, na tutafunga saa kumi na mbili jioni. Siku za Ijumaa, tarehe 13 na 20, kaunta ya kanzu haitakuwa na mtu kati ya saa saba mchana na saa nane na nusu kwa sababu ya swala, lakini sehemu nyingine za duka zitaendelea kuwahudumia.

Jumanne ya tarehe 24 tutafungua saa moja asubuhi kwa kazi moja tu, ambayo ni kuwakabidhi wateja nguo zilizokwisha kushonwa. Hatutakata kitambaa siku hiyo, hatutapima mtu, na punguzo litakuwa limekwisha. Tunajua kwamba maduka mengi ya Kikuubo hubaki wazi hadi usiku wa mkesha, na kwamba saa zile za mwisho huwa na mauzo mazuri, lakini mafundi na wauzaji wetu wengi wanatoka mbali, wengine Arua na wengine Kasese, na tunaona si haki kumfanya mtu asafiri usiku katika basi lililojaa kupita kiasi, kwa nauli iliyokwisha kupanda, kwa ajili ya vipande vichache vya kitenge.

Kuhusu punguzo lenyewe, bei zitakuwa hivi. Kitenge cha nta cha yadi 6, ambacho tumekiuza mwaka huu kwa shilingi 60,000, kitauzwa kwa shilingi 48,000. Seti ya gomesi, yaani kitambaa chenyewe, mkanda wa kiunoni na kikoyi cha kuvaa ndani, itashuka kutoka shilingi 120,000 hadi 100,000, na mteja anaweza kuchagua rangi ya mkanda isiyofanana na ya kitambaa bila kuongeza pesa. Kitambaa cha pamba cha kanzu moja ya mtu mzima, pamoja na uzi wa rangi ya damu ya mzee kwa ajili ya tarizi ya kifuani, kitauzwa kwa shilingi 32,000 badala ya 40,000. Mabaki ya majora, yaani vipande visivyofika yadi 2, yatawekwa kwenye meza iliyo karibu na mlango, na kila yadi itakuwa shilingi 5,000 bila kujali aina ya kitambaa; kina mama wanaoshona mito, aproni na nguo za watoto wachanga watapata mengi mazuri hapo ikiwa watawahi, maana meza hiyo huisha mapema kuliko kitu kingine chochote dukani.

Wafanyabiashara wanaonunua kwa jumla watauziwa kitenge cha yadi 6 kwa shilingi 44,000 kila kipande, ikiwa watachukua vipande 20 au zaidi, na rangi zinaweza kuchanganywa. Kufunga robota ni bure katika kipindi hiki. Bei zote tulizozitaja zimekwisha kujumuisha kodi ya ongezeko la thamani, na kila mnunuzi atapewa risiti ya EFRIS, ambayo tunawashauri hasa wanaovuka mpaka waitunze pamoja na mzigo, si mfukoni mwa dereva.

Tunaomba ieleweke kwamba bei ya punguzo ndiyo bei ya mwisho, na wauzaji wetu hawana ruhusa ya kuipunguza tena, hata kwa mteja wa miaka mingi. Aidha, punguzo ni la kitambaa tu. Ujira wa kushona haupungui, kwa kuwa mafundi wetu hulipwa kwa kila nguo wanayoimaliza, na kupunguza ujira huo katika mwezi ambao wanafanya kazi nyingi kuliko miezi yote kungekuwa kuwafadhili wateja kwa jasho la watu wengine. Kitambaa kilichokatwa hakirudishwi. Ambacho hakijakatwa kinaweza kubadilishwa na kingine cha bei ile ile hadi tarehe 23, mradi mteja aje na risiti.

Baadhi yenu mtauliza kwa nini tunapunguza bei sasa, wakati ambapo watu wanatafuta nguo na wangenunua hata bila punguzo. Sababu ni kwamba Januari ni mwezi mkavu kwa biashara ya vitambaa, kwa kuwa kila mzazi huwa anahesabu ada ya shule, na sisi tunapendelea kuanza mwaka tukiwa na rafu zenye nafasi kuliko kulipia kodi ya stoo iliyojaa vitenge ambavyo mitindo yake itakuwa imepitwa. Hakuna kitambaa kilichoharibika wala kilicholowa katika bidhaa hizi, na yeyote anayetaka jora likunjuliwe hadi mwisho kabla hajalipa atakunjuliwa.

Kwa wanaotaka kushonewa, tarehe ya mwisho ya kupokea nguo zitakazovaliwa Krismasi ni Jumamosi, tarehe 14 Desemba. Hii inahusu gomesi, kanzu, magauni ya kitenge na mashati. Gomesi huonekana nguo rahisi kwa asiyeishona, lakini kola yake ya mraba, mabega yaliyosimama na vifungo viwili vya upande wa kushoto havikubali haraka, na fundi anayeharakishwa hutoa bega moja lililo juu kuliko lingine. Familia zenye shughuli ya kwanjula au harusi kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, ambazo zinahitaji nguo za kufanana kwa watu wengi, zilete watu wote kupimwa kwa pamoja kabla ya tarehe hiyo; hatutashona kwa vipimo vilivyotumwa kwa simu na jamaa, isipokuwa kwa mteja ambaye vipimo vyake vimo kwenye daftari letu.

Nguo zitakazoletwa baada ya tarehe 14 zitapokelewa kwa arubuni ya nusu ya ujira, lakini zitashonwa Januari. Mafundi watarudi kwenye vyerehani Jumatano, tarehe 8 Januari, siku mbili baada ya duka kufunguliwa. Wazazi na shule zinazohitaji sare wanashauriwa kutupa oda zao kabla ya tarehe 20 Desemba, kwa sababu muhula wa kwanza utaanza mwanzoni mwa Februari, na oda zitakazokuwa zimeandikwa kabla ya kufunga ndizo zitakazoshonwa kwanza. Mteja atakayesubiri hadi wiki ya mwisho ya Januari tutampokea, ila hatutaweza kumwahidi siku.

Wateja wetu wa Beni, Butembo na Bunia, pamoja na wale wa Juba, tunawaomba wazingatie kwamba Alhamisi, tarehe 19 Desemba, ndiyo siku ya mwisho tutakayopeleka marobota kwenye mabasi na malori ya kwenda Mpondwe, Arua na Elegu. Kuanzia mwishoni mwa wiki hiyo mabasi hutanguliza abiria na mizigo yao, na robota linaweza kukaa ofisini kwa basi mpaka mwaka ugeuke. Mfanyabiashara anayekuja mwenyewe na kusafiri na mzigo wake anaweza kununua hadi tarehe 23. Ambaye hawezi kuja na hakuwahi tarehe 19, tutamwekea mzigo wake stoo kwa bei ya punguzo, ikiwa atakuwa amelipa wote kabla ya duka kufungwa, na utasafirishwa tarehe 7 Januari.

Malipo yanapokelewa kwa fedha taslimu au kwa simu, kupitia namba za MTN na Airtel zilizochapishwa juu ya risiti zetu. Kabla ya kuweka namba ya siri, hakikisheni kwamba jina linaloonekana kwenye kioo ni lile lile lililo kwenye risiti. Hatubadilishi namba katika kipindi cha sikukuu, wala hatumpigii mteja simu kumwomba atume pesa ili awekewe bidhaa za punguzo, kwa hiyo atakayepigiwa simu ya namna hiyo ajue kwamba si sisi. Wenye madeni ya mwaka huu wanaombwa kuyamaliza ifikapo Jumamosi, tarehe 21. Atakayeshindwa aje tuzungumze kabla ya siku hiyo, na hatanyimwa punguzo kwa bidhaa anazolipia papo hapo.

Muda wa siku 14 tunaowapa wateja kurudisha nguo kwa marekebisho ya bure hautahesabu siku ambazo duka limefungwa. Aliyechukua gauni tarehe 23 Desemba, kwa mfano, ana nafasi hadi Ijumaa, tarehe 17 Januari. Nguo ambazo hazitakuwa zimechukuliwa ifikapo saa sita mchana ya tarehe 24 zitafungiwa stoo na hazitaweza kutolewa hadi tarehe 6 Januari, kwani mlinzi atakayebaki hana ufunguo wa stoo na kumbembeleza hakutasaidia.

Ijumaa na Jumamosi, tarehe 3 na 4 Januari, huenda mkaona taa zinawaka na watu wako ndani. Watakuwa wanahesabu mali, na milango haitafunguliwa kwa mauzo. Simu ya duka itapokewa tangu tarehe 27 Desemba, isipokuwa Jumapili na siku ya Mwaka Mpya, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, kwa ajili ya maswali ya oda na mizigo pekee.

Tunawashukuru kwa kutuunga mkono mwaka mzima, na tunawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye heri.

Uongozi
Duka la Vitambaa na Ushonaji, Kikuubo, Kampala