Bango la Alfajiri

Saa nne usiku Neema aligonga mlango. "Dada, jina langu limepitishwa kugombea uenyekiti wa chama. Mabango yanabandikwa kesho saa mbili asubuhi."

Laptopu sina. Nilikuwa na simu iliyopasuka kioo pembeni na bando la usiku. Nikamsimamisha kwenye ukuta mweupe wa korido, mwenzetu akamulika tochi, nikapiga picha. Canva ya bure haiondoi mandhari ya nyuma, nikahamia programu nyingine, nikafuta kwa kidole mpaka saa nane. Afro yake ilinitesa, lakini kuipunguza nilikataa. Hosteli nzima inamjua kwa nywele zile.

Ukurasa niliupa pikseli 2480 kwa 3508, saizi ya A4 isiyotoka ukungu ikichapwa. Rangi mbili tu, jina kubwa la kusomeka kutoka ng'ambo ya kantini.

Saa kumi na moja nikamtumia kwa WhatsApp kama dokumenti, maana ikienda kama picha inapungua ubora.

Steshenari ilipofunguliwa, Neema alipokea nakala ya kwanza ingali ya moto, akagusa nywele zake kwenye karatasi.

"Dada, ni mimi kabisa."