Hotuba ya mahafali: muhtasari kwa waliokosa kuja

Asalaam alaikum wote. Shikamoo Bibi, shikamooni Shangazi na Baba Mdogo.

Rekodi ya hotuba ya mahafali ya uuguzi ya mtoto wetu ina dakika 31 na najua Pangani haifunguki. Baba Mdogo naye yuko kazini Maskati na ameomba kiini tu. Nimeisikiliza yote, nikafupisha. Palipo na alama za nukuu ni maneno ya msemaji mwenyewe.

Mgeni rasmi alikuwa mkunga mstaafu, mama mfupi wa miwani, sauti nzito. Dakika sita za kwanza ni itifaki na upepo unaopiga turubai; hamjakosa kitu. Baada ya hapo akaikunja karatasi aliyoandaliwa na kusema: "Haraka haraka haina baraka. Wodini kwangu methali hiyo tuliiacha getini."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, kwa sababu hotuba nzima ilikuwa hapo.

Alisema mama mjamzito hucheleweshwa mara tatu. Kwanza nyumbani, wakati wakubwa wanajadiliana kama apelekwe au asubiriwe kidogo. Pili njiani: hakuna gari, mto umejaa, pikipiki haina mafuta. Tatu ni ndani ya kituo chenyewe, akishafika. Ya kwanza na ya pili muuguzi anaweza kuisaidia kwa kuelimisha tu. Ya tatu aliwakabidhi wahitimu: "Mlango wa wodi ukishafunguka, kuchelewa kote kuanzia hapo ni kwenu. Msimtafute mume wala barabara."

Kisha akasimulia kisa chake, na hapa ndipo ukumbi wote ulinyamaza. Akiwa bado msichana kazini, zahanati ya kijijini, usiku, aliletwa mama kwa baiskeli. Mtoto alitoka salama, damu ikakataa kukata. Sindano ya kubana mfuko wa uzazi ilikuwepo, imefungiwa kabatini, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mkubwa wake aliyekwenda msibani. Yeye alisimama akitetemeka. Mlinzi ndiye aliyeingia na jembe akavunja kufuli. Mama yule akapona. "Mlinzi hakusomea uuguzi. Lakini kati yetu wawili, yeye ndiye aliyekuwa anaiona saa."

Akawauliza wahitimu: "Kesho ukishika zamu, ufunguo uko wapi?" Alilirudia swali hilo mara kadhaa, hadi wakawa wanamjibu kwa pamoja, "Kwangu!" Kwenye rekodi mtaisikia sauti ya mtoto wetu, ndiyo ile ya juu kuliko zote. Bibi, hiyo umempa wewe.

Alitaja na takwimu, nazo nimezihakiki kabla ya kuwaandikia. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Alisema kushuka huko ni kazi ya watu wengi. Hakutaka wahitimu wapige makofi, maana "hao 104 kila mmoja ana jina na ana watu wanaomngoja nyumbani".

Kuhusu kuandika alikuwa mkali. Ile chati ya kufuatilia uchungu alisema wengi huijaza asubuhi, mama akiwa ameshajifungua, kama mwanafunzi anayenakili kazi ya jana. "Kalamu yako isilale wakati mama yuko macho." Na kuhusu mtoto anayezaliwa bila kulia, kwamba dakika ya kwanza ndiyo ya kumsaidia apumue: "Hatakungoja utafute miwani." Hapo akaivua yake akaipandisha juu, ukumbi ukavunjika mbavu.

Shangazi, ulisema manesi wa siku hizi wana midomo. Naye alilisema, tena kwa sentensi ambayo mimi naiona bora kuliko zote: "Mikono iwe na haraka, ulimi uwe na subira." Akaeleza kwamba mama aliyetukanwa leo, mimba ijayo atabaki nyumbani, na hapo wewe muuguzi ndiye umemchelewesha kule mwanzo kabisa, kabla hata hajatoka kitandani.

Dakika za mwisho ni shukrani kwa wafadhili na ombi la basi la chuo. Nimeziruka. Baadaye wahitimu waliwasha mishumaa na kula kiapo, lakini hilo liko kwenye video nyingine.

Bibi, nimekukatia kipande cha kisa cha kufuli peke yake, ni kidogo, kitafunguka hata kwenye simu ya jirani. Baba Mdogo, wewe anza dakika ya 7 uishie ya 24. Na mwenye kutaka kumpongeza ampigie jioni, si mchana. Mchana anajisomea mtihani wa leseni na simu anaizima.