Mada: Karani wa hesabu anayeanza kazi, tayari kabla ya msimu wa Julai

Bi. Rukia,

Asalaam aleikum. Naitwa Maryam, mzaliwa wa Langoni, Lamu. Hatujuani, wala sijibu tangazo lako lolote. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye unayewatafutia wenye hoteli wa Malindi na Watamu makarani wa hesabu, nami nimesomea uhasibu na natafuta mahali pa kuanzia.

Ombi langu naliweka hapa juu usipate taabu ya kulitafuta. Naomba dakika 15 za simu, au unipe mtihani. Kama kuna hoteli unayoihudumia ambayo hesabu zake za siku za nyuma hazijalingana na benki, naomba nikae nazo siku moja ofisini mwao, mbele ya mhasibu wao, bila malipo. Jioni yake watakuwa wamejua kama nafaa au sifai, nawe utakuwa umejua.

Sijawahi kuajiriwa. Nilihitimu Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, mwaka 2025, shahada ya Biashara upande wa Uhasibu, daraja la pili ngazi ya juu. Katika matokeo yangu utakuta alama moja mbaya, ya uhasibu wa gharama mwaka wa pili. Muhula ule baba alilazwa nami nikawa nyumbani zaidi kuliko darasani. Nilirudia karatasi hiyo nikapita vizuri, lakini alama ya kwanza bado imo, na ni afadhali uisikie kwangu.

Tangazo lako la mwezi uliopita lilitaka karani mwenye uzoefu wa miaka miwili. Sikutuma maombi, maana sifa hiyo sina. Ila nililisoma mara kadhaa, nikatazama kazi zilizotajwa mle: kulinganisha mauzo ya siku na pesa zilizoingia, kuandaa mishahara, kupeleka kodi kwa wakati, kufuatilia madeni ya wauzaji. Kwa hizo mbili za mwanzo nina la kukuonyesha.

Mama yangu yumo katika chama cha wanawake 22 hapa mtaani. Kila mmoja hutoa shilingi 500 kwa wiki, wengi kwa M-Pesa, wachache kwa mkono, na pesa hizo hununua unga, sukari na mafuta kwa jumla, kisha wakagawana. Daftari huwa kwa mweka hazina, bibi mmoja jirani yetu ambaye tangu nikiwa mdogo namwita mama. Baada ya Ramadhani walihesabu, daftari likasema pesa zimezidi zilizoko kwa shilingi 4,500. Hakuna aliyetamka neno wizi. Lakini mama yule alikuja kwetu baada ya isha, daftari ndani ya buibui, akaketi barazani na kusema yuko tayari kuuza bangili yake ailipe.

Nilimwomba asiuze kitu mpaka nitazame. Jambo la kwanza nililofanya ni kugawa 4,500 kwa 9. Inagawanyika bila baki. Mtu akigeuza tarakimu mbili zinazofuatana au zilizopishana katika namba, tofauti itakayotokea lazima igawanyike kwa 9. Hiyo ni dalili tu, maana hata kosa la aina nyingine laweza kutoa namba kama hiyo, lakini ilinipa pa kuanzia kutafuta. Nikaziweka risiti zote juu ya mkeka, zilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, nikazisoma moja moja dhidi ya daftari. Ya unga ilikuwa imekunjwa mara nne, wino umefifia: 7,250. Kwenye daftari imeandikwa 2,750. Saba na mbili zimebadilishana mahali. Matumizi yalionekana madogo kuliko yalivyokuwa, ndipo salio la daftari likawa kubwa kuliko pesa.

Tangu usiku ule kitabu cha chama nakishika mimi. Jumamosi napakua taarifa ya M-Pesa, naiweka kwenye Excel, nalinganisha kila mchango na jina, na pesa za mkononi zinahesabiwa na watu wawili. Silipwi, na sikuiandika kwenye wasifu wangu kama ajira, kwa sababu si ajira. Naitaja kwa kuwa nimeona kwa macho yangu namba moja iliyoandikwa vibaya inavyoweza kumfanya mtu mwaminifu aonekane mwizi. Hoteli ina wahudumu, wapokezi na watunza stoo, na kila mmoja wao yuko hatarini kwa namna hiyohiyo kila siku ambayo hesabu haifungwi sawasawa.

Najua hesabu ya hoteli ni pana kuliko ya chama. Mauzo ya jioni moja ya mkahawa huingia kwa njia kadhaa: taslimu, M-Pesa, kadi, na mengine huandikwa kwenye chumba cha mgeni yakalipwa siku ya kuondoka. Pesa ya kadi haifiki benki papo hapo, na ikifika imeshakatwa kamisheni, kwa hiyo mauzo ya Jumanne hayatalingana na benki ya Jumanne hata kama hakuna aliyekosea. Kuna VAT ya asilimia 16 ndani ya bei, kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2, na mwisho wa siku kuna kijana aliyeleta kamba na changu asubuhi akaambiwa arudi Ijumaa. Huyu wa mwisho mimi namfahamu kuliko vitabu vinavyoweza kumfundisha mtu, kwa sababu ndugu zangu ni wavuvi. Hoteli inayopoteza hati ya mvuvi humpoteza na mvuvi mwenyewe, msimu ukiwaka anauza kwingine.

Kwa upande wa mishahara nimeambatanisha faili moja, `Makato_Mfano.xlsx`. Mfano wake ni mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 30,000 kabla ya makato. NSSF ni 1,800. SHIF ya asilimia 2.75 ni 825. Ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ni 450, na mwajiri naye anatoa 450 yake. Kwa sheria iliyoanza mwishoni mwa Desemba 2024, makato hayo matatu yanaondolewa kwanza ndipo kodi ikokotolewe, hivyo kinachotozwa kodi ni 26,925. Elfu 24 za mwanzo kwa asilimia 10 ni 2,400, na 2,925 zilizobaki kwa asilimia 25 ni 731.25. Ukitoa nafuu ya 2,400, PAYE inabaki 731.25, na mfanyakazi anakwenda nyumbani na 26,193.75. Badilisha mshahara kwenye kisanduku cha juu na vingine vyote vitajipanga. Niliitengeneza bila kunakili ya mtu. Ukimpa mhasibu yeyote unayemwamini aikague, nitashukuru, na akikuta kosa nitashukuru zaidi.

Tarehe nazijua: PAYE ifike KRA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita, VAT kabla ya tarehe 20. Najua pia kwamba tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi wakati wa kukokotoa kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria, jambo ambalo kwa hoteli inayonunua mboga na samaki kwa watu wadogo ni kazi ya kila siku ya kukumbushana.

Nisiyoyajua nayo ni haya. Programu za hoteli za kupokelea wageni sijazigusa. QuickBooks nimeitumia kwenye maabara ya chuo tu, kwa data ya mazoezi. Kiitaliano sikijui, na naelewa kwamba Malindi baadhi ya wenye hoteli wanakiulizia. Sijawahi kukaa na mkaguzi wa nje akiniuliza maswali. Kwa CPA nimejisajili Kasneb, sijafanya karatasi hata moja.

Nakuandikia sasa, Mei, kwa makusudi. Kusi imeanza, mvua iko, hoteli kadhaa zimefunga au zimepunguza watu, na nijuavyo ndio wakati wa kupanga nani atarudi Julai. Anayeanza kazi Julai wageni wakiwa wamejaa hana wa kumfundisha. Akianza Juni, mhasibu ana nafasi ya kumkalisha chini. Nikipata mahali, hata kama msaidizi wa karani kwa mkataba wa miezi mitatu, naomba niwahi kuingia kabla ya pirikapirika. Kuhusu malipo, mtihani ule wa siku moja nitaufanya bure, lakini kazi ya miezi naomba mshahara, hata ukiwa wa chini kabisa wa ngazi hiyo. Nina mkopo wa HELB wa kulipa na wadogo wawili shuleni, na nisingependa kuahidi kitu nitakachoshindwa kukitimiza mwezi wa pili.

Kuhama si tatizo. Mama mdogo yuko Barani, Malindi, na chumba ameshanitengea. Kutoka Amu navuka kwa boti hadi Mokowe alfajiri, napanda basi la Garsen, na mchana niko Malindi. Nitakuwa huko wiki ya mwisho ya mwezi huu, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa shughuli ya kifamilia, kwa hiyo ukipenda kuniona ofisini kwako hutanigharimu nauli ya zaidi.

Kama huna nafasi yoyote ya mtu kama mimi, nitashukuru ukinijibu kwa mstari mmoja: ni kitu gani, katika haya niliyoandika, ungetaka kukiona kwa karani kabla hujampeleka kwa mwenye hoteli? Nitakwenda kukisoma.

Nimeambatanisha wasifu wa ukurasa mmoja, matokeo yangu ya chuo, na faili la makato. Nambari yangu ya simu imo kwenye wasifu. Mwalimu aliyenifundisha ukaguzi wa hesabu amekubali kupigiwa, naye yumo humo. Mweka hazina wa chama pia amesema nimtaje, na ukimpigia atakueleza habari ya ile risiti kwa urefu kuliko mimi. Mpigie baada ya alasiri, asubuhi huwa sokoni.

Ahsante kwa muda wako, Bi. Rukia.

Wako mwaminifu,
Maryam
Langoni, Lamu